“Nisaidie”, “usile”, “asome”: ile -e ya mwishoni inatoka wapi?

*Shikamoo mwalimu. Nafundisha Kiswahili watu wazima ambao si lugha yao ya kwanza. Juzi niliwapa zoezi la amri za adabu na sentensi zenye “ili”. Nikaletewa “Nisaidia, tafadhali”, “Usikula hapa”, “Nenda ofisini chukua barua” na “Nimempa kitabu ili kusoma”. Kusahihisha nimesahihisha, ila kueleza ndiko kunakonishinda. Mmoja akauliza kwa nini “jibu” halibadiliki. Mwingine akabisha kwamba “msaidie” anaambiwa mtu mmoja, wakati mimi nilishasema ni watu wengi. Kitabu tunachotumia kinasema tu kwamba -e ni ya adabu. Nianzie wapi?*

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Anza kwa kuifuta hiyo sentensi ya kitabu. Mtu aliyekasirika husema “Ukome!”, “Niache!”, “Ushindwe na ulegee!”, na zote zina -e ile ile tunayoisikia katika “Ulale salama”, “Upone haraka” na “Naomba unisaidie”. Laana na dua zinatumia mwisho mmoja, basi adabu haiwezi kuwa imekaa hapo. Tena kanuni hiyo ndiyo iliyomponza mwanafunzi wako. Ameambiwa -e ni adabu, akaona “tafadhali” imeshaibeba adabu yote, hakuona sababu ya kugusa mwisho wa kitenzi, akaandika “Nisaidia, tafadhali”. Kwa kanuni aliyopewa, amefikiri sawasawa.

Mfundishe aangalie mwanzo wa kitenzi kabla ya kuangalia mwisho wake. “Soma!” ni mzizi som- na irabu -a, hakuna kilichotangulia. Hiyo ni amri tupu. Katika kuagiza, kuomba au kutaka jambo, kikitangulia kitu chochote bila kiambishi cha wakati, -a inaondoka na -e inashika nafasi yake. Kinachotangulia kinaweza kuwa mtendaji, kama katika “usome”, “asome”, “tusome”. Kinaweza kuwa mtendwa, kama katika “kisome” ukizungumzia kitabu, “waite” ukizungumzia watoto, au “nisaidie” ukijizungumzia mwenyewe. Kinaweza kuwa ji-, ndiyo maana tunasema “jifunze” na “jifiche”. Kinaweza pia kuwa ka- ya “kalale” na “kamwite”. Kiambishi cha wakati kikiwepo, mambo yanarudi kwenye -a: “ananisaidia”, “alinisaidia”, “atanisaidia”.

Ukiitazama “Nisaidia” kwa jicho hilo, unaona ilikotoka. Mwanafunzi amesikia “unanisaidia” na “kunisaidia” mara nyingi kuliko “nisaidie”, akakata kichwa cha neno akabaki na mkia wake. Mrudishie swali moja tu: kabla ya “saidi-” kuna nini, na je, wakati umetajwa? Kuna ni-, wakati haupo, kwa hiyo -e. Kwa kitenzi hiki chenye mtendwa hakuna namna mbili za kuchagua, moja ya ukali na nyingine ya upole. “Nisaidie” ni lazima, upole au ukali unabaki kwenye sauti na kwenye maneno yanayoizunguka. Kitenzi “-pa” ni ushahidi mzuri wa hili: hakikubali kukaa bila mtu wa kupewa, kwa hiyo amri yake haina -a hata siku moja. Ni “nipe”, “mpe”, “tupe”, awe anayesema ni mfalme au mwombaji.

Kuna mambo machache yanayochafua kanuni hii, na ni heri uyaseme mapema wasije wakayatumia kukubishia. “Lete” ina -e bila kutanguliwa na chochote. “Njoo” na “nenda” zina umbo lao la pekee, ingawa zikipata mtendaji zinakuwa za kawaida: “uje”, “uende”. Na -ni ya watu wengi huigeuza -a iliyo kabla yake: “someni”, “chukueni”. Hayo yanakaririwa tu. Yanayosumbua zaidi ni maneno kama “kumbuka” na “kimbia”, ambayo mwanzo wake unafanana na kiambishi wakati ni sehemu ya mzizi. Mwanafunzi makini akishaelewa kanuni yako anaweza kukuandikia “Kumbuke!” kwa kudhani ku- ni wewe. Hilo ni kosa la kufurahia, maana linaonyesha ameanza kuchambua.

Sasa “msaidie”. Ninyi nyote wawili mmesema kweli, na hapa ningekaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine, kwa sababu hakuna neno linaloonyesha vizuri zaidi jinsi amri na dhamira tegemezi, yaani ile -e yenye mtendaji kama “asome”, zinavyokutana kwenye umbo moja. M- ni ya “ninyi” na m- ni ya “yeye”. Mkiwa mnasukuma gari na nikawaambia wote “Nataka msaidie”, m- hiyo ni mtendaji: ninyi ndio wasaidizi, anayesaidiwa hakutajwa. Nikikuambia wewe peke yako, “Mzee yule ana mzigo, msaidie,” m- hiyo ni mtendwa: anayesaidiwa ni mzee, na wewe unayeamriwa hukutajwa kwenye kitenzi, kama usivyotajwa kwenye “soma”. Maandishi ni yale yale na matamshi ni yale yale, lakini muundo ni mbali kabisa.

Ili kujua uko kwenye “msaidie” ipi, ikanushe. Ukanushaji wa amri haukubali kumficha mtendaji. Lazima useme “usi-” au “msi-”. Ile ya kwanza inakuwa “msisaidie”, ya pili inakuwa “usimsaidie”. Viambishi vilivyokuwa vimekaliana vinaachana hapo hapo. Njia nyingine ni kuongeza mtendaji kwenye ile ya pili: kwa mtu mmoja “umsaidie”, kwa wengi “mmsaidie”, ambayo wengi wetu tunaitamka “mumsaidie”. Na ukitaka kuwaamuru wengi wamsaidie mzee bila kumtaja mtendaji, unaongeza -ni mwishoni: “msaidieni”. Hiyo haina utata tena, kwa sababu -ni imeshawataja wanaoamriwa, m- ikabaki kuwa ya mzee.

Utata huo haupo kwa m- peke yake. “Wimbo huu uimbe” u- yake ni wimbo. “Nataka uimbe” u- yake ni wewe. “Tusaidie” yaweza kuwa ombi kwamba wewe utusaidie sisi, au pendekezo kwamba sisi tukawe wasaidizi. Niliwahi kumkata mwanafunzi alama kwenye “Tusaidie watoto hawa” kwa kuwa nilikuwa natafuta amri yenye mtendwa. Yeye alimaanisha “sisi sote tusaidie”. Alama nikamrudishia, na tangu siku hiyo sitoi swali la namna hiyo bila kusema nani anazungumza na nani.

“Usikula” lina asili nyingine. Mwanafunzi anajua neno ni “kula”, akaibandika usi- mbele yake, na -a akaiacha. Vitenzi vya silabi moja kama -la, -nywa, -ja, -wa, -fa hubeba ku- pale ambapo neno lingebaki fupi mno au pale ambapo kiambishi cha wakati hakiwezi kubeba mkazo. Ndiyo maana ni “Kula!” na “unakula”. Katika dhamira tegemezi mtendaji anatosha kuubeba mkazo, ku- haina kazi, inaondoka: “ule”, “unywe”, “uje”, “uwe”. Ukanushaji nao ni “usile”, “usinywe”, “usije”, “usiwe”.

Kuna anayerekebisha mwisho peke yake na kuandika “usikule”. Ukimwambia tu kwamba si sahihi hatakumbuka. Mwonyeshe kwamba ameandika neno lenye maana nyingine. Mtu akikuambia “Usimkaribie simba asikule”, ku- hiyo ni wewe: simba asije akakutafuna. “Simba asile” ni habari ya simba kukosa chakula, “simba asikule” ni habari ya uhai wako. Darasa likishacheka kwa mfano huo, ku- ya kubeba mkazo na ku- ya mtendwa hazichanganyiki tena kirahisi.

Kuhusu “jibu”, jibu ni fupi. Ile -a inayogeuka kuwa -e ni irabu ya mwisho ya vitenzi vyenye asili ya Kibantu. Vitenzi tulivyovipokea kutoka Kiarabu na kuishia na -i, -e au -u havina -a hiyo, kwa hiyo hakuna kinachogeuka: “ujibu”, “urudi”, “usamehe”, “usisahau”. Wingi wake nao ni “jibuni”, “rudini”, “sameheni”. Lakini vikinyambuliwa vinapata -a kama vingine, na kuanzia hapo vinafuata kanuni: “jibia” inatoa “nijibie swali hili”, na “jibiwa” inatoa “barua ijibiwe leo”. Mtego uko kwenye “samehe”. Mwanafunzi akisikia “nisamehe” anadhani hiyo -e imetokana na kanuni uliyomfundisha, kisha anairudisha kinyumenyume na kuandika “amenisameha”. Kwenye zoezi la dhamira tegemezi kosa hilo halionekani kamwe. Mpe sentensi moja ya wakati uliopita katikati ya zoezi, utaliona.

“Nenda ofisini chukua barua” ndiyo sentensi ninayoipenda kuliko zote alizokuletea, kwa sababu ndiyo inayounganisha nusu mbili za zoezi lako. Amri tupu mbili zaweza kufuatana kama kila moja inasimama peke yake. Mtu mkali husema “Kaa! Nyamaza! Sikiliza!” na ni Kiswahili safi. Lakini tendo la pili likiwa linategemea la kwanza, amri tupu inabaki kwa la kwanza tu, la pili linachukua mtendaji na -e: “Nenda ofisini uchukue barua,” au kwa kuwa kuna mwendo, “ukachukue barua”. Linganisha “Chukua kitabu, soma” na “Chukua kitabu usome”. Ya kwanza ina amri mbili. Ya pili ina amri moja na shabaha yake: unakichukua ili usome. Neno “ili” halijatajwa, ila kusudi limeshaingia.

Ndiyo maana nadhani umewapa zoezi moja ukidhani ni mawili. “Naomba usome” na “nimempa kitabu asome” zimejengwa kwa namna moja. Kuna mtu anayetaka jambo, ambaye ni mimi katika sentensi zote mbili, na kuna mtu mwingine anayetarajiwa kulitenda, na tendo lenyewe bado halijatokea. Kazi ya -e yenye mtendaji ni hiyo, kusema kwamba tendo linangojwa kutoka kwa fulani. Adabu ya “naomba usome” inatoka kwenye “naomba”. -e imekuja kwa sababu mwombaji na msomaji ni watu wawili.

Hapo “Nimempa kitabu ili kusoma” inajieleza. Anayetoa ni mimi, anayesoma ni yeye, na “kusoma” haina nafasi ya kumtaja mtu. Msomaji wa sentensi anabaki akijiuliza ni nani atakayesoma. Sahihi ni “Nimempa kitabu ili asome”, au bila “ili” kabisa, “Nimempa kitabu asome”, ambayo masikioni mwangu ni nyepesi zaidi. Jaribio la wanafunzi liwe hili: hesabu watendaji. Mtendaji akiwa mmoja, kitenzi-jina kinatosha bila “ili”: “Nimekuja kukuona”, “Nataka kuondoka”. Wakiwa wawili, -e ni lazima: “Nimemwita aje akuone”, “Nataka uondoke”. Mwanafunzi anayeandika “Nataka wewe kuondoka” hakuhesabu.

Watakuuliza kuhusu “ili kupunguza gharama” na mfano wake, maana wanauona kwenye magazeti na matangazo kila siku. Waambie ukweli: umeenea, hasa mtendaji akiwa mmoja au akiwa taasisi isiyo na sura, na hakuna atakayekosa kuuelewa. Mimi mwenyewe siufuti kwenye insha. Kwenye zoezi la dhamira tegemezi naufuta, kwa sababu anayezoea “ili ku-” hupata njia ya kukwepa kufikiri ni nani anayetenda, na siku watendaji wakiwa wawili ataandika kama huyu wako.

Kusudi la kukanusha lipewe muda wake. “Alifunga dirisha ili mvua isiingie” haina shida: -si- inaingia baada ya mtendaji, -e inabaki. Wanaozoea “haingii” huandika “isiingii”, kwa kuwa wanavuta -i ya wakati uliopo kanushi. Tatizo halisi liko kwenye “-sije”. Tunasema “Mshike asije akaanguka”. Kwenye “asije” kuna -e kama tulivyotarajia, halafu “akaanguka” inamalizika kwa -a. Sasa iweke karibu na “Nenda ukalale”. Zote mbili zina -ka-, lakini moja ina -a na nyingine -e. “Nenda ukalale” ni agizo, -ka- yake inaonyesha kwamba kwanza utakwenda huko, na kulala kunangojwa. “Usije ukalala” ni onyo, -ka- yake ni ile ya kusimulia, kana kwamba tunalitazama tukio la usingizi likiwa limeshafuata. Jambo linalozuiwa limebebwa na “usije”, si na “ukalala”. Kwa wanafunzi wa mwanzo ningewapa “asije aka-” kama kifungu kizima cha kukariri, na uchambuzi huu ningeuweka akiba mpaka mmoja aulize.

Zoezi lenyewe ningelipanga upya hivi. Usiwape “geuza amri iwe ya adabu”, kwa sababu kutoka “soma” kwenda “tafadhali soma” ni jibu sahihi kabisa la adabu na halina -e hata moja. Wape hali: nani anasema, anamwambia nani, kuhusu nani. Kwa mfano: *unamwomba mwenzako mmoja, mzigo ni wa Mzee, tumia “saidia”.* Jibu linaweza kuwa “Msaidie Mzee tafadhali”, “Naomba umsaidie Mzee”, au hata “Mzee asaidiwe”, ambayo haimtaji wa kuifanya kazi na kwa hiyo hupendwa kwenye mikutano. Kisha waambie waikanushe. Anayeandika “usimsaidie” ameelewa m- yake ilikuwa ya nani. Anayeandika “msisaidie” amepata umbo kwa bahati, na bila hatua hiyo ya pili ungempa alama zote.

Swali la mwisho kwenye karatasi yangu huwa ni hili, na wazawa nao husita kidogo: “Mwambie atupe mpira.” Waulize mpira utaishia wapi. Kama kitenzi ni “tupa”, mzizi ni tup-, mtendaji ni a-, na mpira utarushwa kokote. Kama kitenzi ni “-pa”, basi -tu- katikati ni sisi, na mpira unakuja mikononi mwetu. Waachie waikanushe kama walivyozoea, waone kwamba safari hii “asitupe” haiwasaidii. Hapo itabidi wabadilishe mtendwa, waseme “ampe” na “autupe”, ndipo mizizi miwili itaachana.